Ng'wandu

Juzi binti yangu alikuwa anajaza fomu ya shule kwenye simu, ikakataa jina langu. "Baba, hii alama ya juu haiitaki. Niitoe tu?" Nikamwambia aitoe. Hata daftari la mahudhurio la Tanga halikuwa nayo.

Tulihamia kule kutoka Maswa katikati ya muhula, nikaingizwa darasa la nne. Mwalimu akaita majina, alipofika kwangu akasita. "Ngu-andu?" Basi ikawa hivyo. Kufika mapumziko nilikuwa Nguandu, Gwandu, na kijana mmoja fundi wa maneno akaniita Magwanda.

Nilivumilia, hadi asubuhi moja nikakaa kimya jina lilipoitwa.

"Mbona huitiki?"

"Mwalimu, hujaniita."

Darasa zima lilinyamaza. Nilijua fimbo inakuja. Mwalimu akanyoosha mkono, lakini mkononi ilikuwa chaki. "Haya, njoo ujiite."

Nikaandika ubaoni NG'OMBE. Wakasoma wote bila taabu. Hawa walikuwa wanasema ng'ambo na kung'ata tangu wanyonyeshwe. Nikafuta OMBE kwa kiganja, nikabakiza NG' peke yake. Nikawaambia waishike hapo hapo, puani, wasiiachie. Darasa likavuma kama mzinga wa nyuki. Nikaongeza WANDU. Wa kwanza akateleza, akarudi kwenye Ngu. Nikamwambia asitie "u" katikati, akusanye midomo kidogo tu halafu aifungue kwenye "a". Wa tatu akaipata. Mwalimu naye nilimwona anajaribu chini chini, amegeukia dirishani.

"Na maana yake?" akauliza.

Hapo nikavimba kichwa. Nikawaeleza kwamba Usukumani jina mara nyingi hubeba habari za kuzaliwa: dada yangu ni Kabula kwa kuwa mvua ilinyesha siku ile, jirani yetu ni Mayala kwa kuwa alizaliwa mwaka wa njaa. Langu ni la babu, ambaye mama yake alishikwa na uchungu akitoka shamba, akajifungulia chini ya mti. Nikanyoosha kidole dirishani, nyuma ya vyoo. "Mti wenyewe ule pale. Ng'wandu ni mbuyu."

Nilitegemea makofi. Jirani yangu wa dawati akasogeza madaftari yake.

"Mbuyu? Si ndiko wanakokaa mashetani?"

Sikuwa nimeambiwa. Kwetu Maswa mbuyu ulikuwa kivuli, na majani yake mboga. Kumbe ule wa nyuma ya vyoo ulifungwa vitambaa vyekundu, na hakuna mtoto aliyeupita peke yake jua likishazama. Nilijitetea kwamba ubuyu wanaula kila siku. Haikusaidia sana, ingawa msichana mmoja aliniuliza kama ninao mfukoni.

Mwisho wa muhula mama alikuja shuleni kunifuata. Akawauliza watoto wa getini Ng'wandu yuko wapi. Wakatazamana, wakamwambia hapa hakuna mtu wa jina hilo, labda kama anamtafuta Mbuyu.