Piriodi zilipotea na sina mimba, vile zangu zilirudi

Kama umekaa miezi bila piriodi na kila kipimo cha mimba kinakuonyesha laini moja, wacha nikuambie vile kwangu ilienda, juu wakati nilikuwa natafuta majibu kila mtu alinipea jibu moja tu, ati ni stresi, zitarudi. Stresi ilikuwepo kweli, lakini kulikuwa na kingine.

Mi nilikuwa napata kila siku 28 hadi 30 bila kubahatisha. Kisha kazini wakaanza kupunguza watu, usingizi ukapotea, chakula hakipiti, nikawa naamka nakimbia kutoka Milimani hadi Dunga na kurudi kila asubuhi juu hapo tu ndo kichwa kilikuwa kinatulia. Mi ni wa sentimita 165, nikatoka kilo 58 nikafika 47. Watu wakawa wananisifu vile nimekatika. Piriodi nazo zikaanza kuwa nyepesi, zikachelewa, halafu kimya. Mathe ndo alishtuka: “Nyathina, hizi mifupa ni za nini? Nenda hosi.”

Kwa kemisti nilikuwa nimeuziwa wazo la tembe za kuteremsha damu, nikakataa, na nashukuru, juu daktari alinieleza kwamba damu inayotoka kwa sababu ya tembe haimaanishi mayai yameanza kukomaa tena.

Alianza na kipimo cha mimba hata baada ya kumwambia nimejipima nyumbani, hiyo haiachwi. Akauliza kama natumia sindano ya kupanga uzazi (hiyo peke yake inaweza kuzima piriodi), kama kichwa kinauma au macho hayaoni vizuri, kama maziwa yanatoka kwa matiti na sijazaa, kama nywele zimeota kidevuni. Damu ikapimwa tezi ya shingoni, prolaktini ambayo ni homoni ya maziwa, na homoni ya FSH ambayo ikiwa juu sana huonyesha ovari zimechoka mapema. Halafu skani. Zote hazikuonyesha ugonjwa, ila ukuta wa mfuko wa uzazi ulikuwa mwembamba.

Huo wembamba ndo ulinifungua macho. Nilikuwa naogopa kuna damu chafu inajikusanya ndani, kumbe hakuna. Ubongo ukiona chakula ni kidogo, mazoezi ni mengi na mtu hana amani, unapunguza ile amri unayotuma kwa ovari, yai halikomai, homoni ya estrojeni inashuka, na ukuta haujengwi kwa hivyo hakuna cha kutoka. Na estrojeni ikikaa chini muda mrefu mifupa inadhoofika, so hii si kitu ya kusema ni raha kupumzika pedi.

Sasa sikia hii. Binamu yangu wa Nakuru pia alikuwa anakosa mwezi baada ya mwezi, lakini yeye alikuwa ameongeza kilo, ana chunusi na ndevu kidogo, akaambiwa ni PCOS, shida ya homoni inayofanya mayai yasitoke kwa wakati. Kwake ukuta unajengwa lakini hauteremki kwa wakati, na huo ukuta ukiwa mnene sana ni hatari, kwa hivyo alipewa dawa ya kuuteremsha na akaambiwa hata kupunguza kilo kidogo, asilimia 5 hivi ya uzito, kunaweza kusaidia. Mi niliambiwa niongeze kilo. Shida inafanana kabisa kwa macho na matibabu yanapingana, ndo maana siwezi kukubali ushauri wa jirani kwa hii mambo.

Nikaacha kukimbia, nikawa natembea tu jioni. Asubuhi uji wa wimbi na maziwa na njugu hata kama sina hamu, mchana ugali wa kushiba na omena, avokado karibu kila siku. Nikaonana na kaunsela juu ya usingizi na hiyo hofu ya kazi, na hapo ndo chakula kilianza kupita vizuri. Nilifika kilo 53 na bado hakuna kitu, ilichukua miezi mingine kadhaa ndo damu ikaja. Daktari alikuwa amenionya mapema kwamba yai hutoka kabla ya damu, kwa hivyo unaweza shika mimba bila kuona piriodi hata moja.

Kama zako zilikuwa sawa na umekosa miezi 3, nenda upimwe. Kama kawaida zinayumba, usipitishe 6. Ukiwa na maziwa kwa matiti, kichwa kikali na macho yana ukungu, au joto la ghafla usiku na hujafika miaka 40, usingoje hizo miezi. Na ukichelewa halafu upate maumivu makali upande mmoja wa tumbo, kizunguzungu au damu ya ajabu, enda hosi siku hiyo hiyo, hata usiku, juu mimba inaweza kuwa imetunga nje ya mfuko.