Chotto muzukashii: "ni vigumu kidogo" ya Wajapani ni hapana

Mwaka wangu wa kwanza Hamamatsu, Japani, nilipangwa kitengo cha manunuzi, katika kiwanda cha vipuri. Siku moja nikamwandikia msambazaji wetu kuuliza kama mzigo wa tarehe 20 ungeweza kutufikia tarehe 13. Jibu lake lilikuwa la adabu sana, na mwishoni akaandika chotto muzukashii desu, yaani ni vigumu kidogo. Nikafurahi. Kwetu Tanga mtu akisema jambo ni gumu kidogo, mlango bado uko wazi, mnakaa mnazungumza. Nikamwuliza ugumu uko wapi, ni gari au ni watu, tuone tutakavyosaidiana. Kimya. Kesho yake nikaandika tena.

Ndipo mama mmoja mwandamizi wangu, aliyekaa meza ya jirani, akasogeza kiti. "Wameshakukataa," akaniambia taratibu. "Sasa unawalazimisha wakukatae mara ya pili."

Tangu siku ile nasoma ujumbe kwa jicho jingine. Muzukashii ikija kujibu ombi la kazi, naihesabu kuwa hapana. Kentō shimasu, tutalifikiria, naiangalia tarehe: wakisema watajibu Ijumaa, nasubiri Ijumaa, wasipotaja siku yoyote, naanza kutafuta msambazaji mwingine.

Kukataa mimi mwenyewe kulinisumbua zaidi. Mkuu wa kitengo aliniomba nije kazini Jumamosi, nami siku hiyo nilikuwa na miadi ya mtoto hospitali. Niliandika nusu ukurasa: mtoto ana nini, miadi tuliipata lini, mke wangu hajui Kijapani cha kuzungumza na daktari. Nyumbani huo ndio uungwana. Ukimkatalia mkubwa wako unampa sababu yote, tena ikiwezekana unampigia simu asikie sauti yako. Yule mama akausoma kabla sijautuma, akasema sababu ikiwa ndefu hivi inanukia iiwake, utetezi wa mtu anayejikosha. Tukauandika upya pamoja:

```
お疲れ様です。
お声がけいただき、ありがとうございます。
大変申し訳ないのですが、今週の土曜日は都合がつかず、
今回は出勤が難しい状況です。
来週の土曜日でしたら対応できます。
よろしくお願いいたします。
```

Mstari wa kwanza, otsukaresama desu, Mswahili anauelewa bila kufundishwa: ni pole na kazi. Wa pili ni shukrani kwa kukumbukwa. Kisha inakuja radhi, nayo inatangulia habari yenyewe ili msomaji ajue kinachokuja. Radhi hiyo inaishia na ga, kijineno kinachoiacha sentensi ikining'inia kama "samahani sana, ila..." Sababu ni maneno machache tu, tsugō ga tsukazu, nafasi haikupatikana, na hakuna atakayekuuliza zaidi. Konkai wa ni "safari hii", kwa hiyo siku nyingine sijazikataa. Halafu muzukashii ileile. Neno dekimasen, siwezi, halimo kabisa. Hata hivyo mkuu alielewa mara moja, akajibu kwa mstari mmoja kwamba amepokea, na Jumamosi iliyofuata nikaenda.

Mstari wa tano, unaosema Jumamosi ya wiki ijayo naweza, usiuweke kama hutaweza kuja. Ukiahidi siku, wataipanga.

Kosa la upande wa pili nililifanya na wenzetu wa tawi la Marekani. Waliniomba ripoti ifike Alhamisi, nami nikaugeuza ujumbe wangu wa Kijapani kuwa Kiingereza, na radhi zake zote na ugumu wake kidogo. Alhamisi wakaniuliza ripoti iko wapi. Walikuwa wamesoma kwamba itakuwa kazi ngumu ila nitaikamilisha. Sasa nawaandikia hivi:

```
Thanks for asking. I can't finish the report by Thursday
because the June figures aren't closed yet.
I can send it Monday morning.
```

Shukrani ni moja, siwezi iko peupe mwanzoni, na sababu ni ya kazi, inayoweza kuhakikiwa. Radhi sikuitia hata moja. Mwanzoni mkono ulinitetemeka kutuma maneno makavu namna hii, lakini yule bwana wa huko alijibu kwa furaha tu kwamba Jumatatu inamfaa.

Mwezi uliopita mdogo wangu aliniomba nimwongezee mtaji wa duka. Mwezi ule sikuwa nazo. Nikamwandikia, bila hata kufikiri: "Samahani sana mdogo wangu, safari hii itakuwa vigumu kidogo." Baada ya siku mbili akanijibu: "Kaka, ugumu uko wapi? Niambie tuone tutakavyosaidiana." Nikampigia simu usiku uleule, nikamweleza yote.