Nusu ya kikombe iko wapi? Kumbukumbu ya mradi wangu wa chapati za maji

Jumamosi ya kwanza

Nimeanza na watoto sita, wawili wangu na wanne wa majirani hapa Tabata, darasa la tatu hadi la tano. Shabaha yangu ni ndogo: wajifunze kupima kwa kuongeza mara mbili na kupunguza nusu, na kipimo chenyewe kiwe kitu wanachokula. Nilichagua chapati za maji kwa sababu hazina hamira wala kusubiri, na kosa la kipimo linaonekana palepale kwenye kikaango.

Kanuni nimeifanya ya moja-moja ili isiwachanganye. Unga wa ngano kikombe 1, maji kikombe 1, yai 1, sukari kijiko 1 cha chakula, chumvi robo kijiko cha chai. Kwa upawa wangu mdogo zinatoka chapati 6. Mafuta ni ya kupaka kikaango tu, hayamo kwenye hesabu.

Leo ilikuwa mara mbili. Nilibandika karatasi ukutani yenye safu mbili, ya kanuni na ya kwao, wakajaza ya kwao kabla ya kugusa unga. Hapo hapakuwa na shida. Shida ilikuja kwenye kumimina: mmoja alitia vikombe viwili vya maji, mwenzake akarudi na jagi akatia kingine maana hakujua kama vimeshaingia. Uji ukawa uji kweli. Tangu hapo sheria ni kwamba anayemimina anahesabu kwa sauti na kuweka alama ya vema kwenye karatasi kabla ya kuweka kikombe chini.

Swali la siku lilitoka kwa mdogo kuliko wote, akiangalia jiko la mkaa: "Anti, na moto tuuongeze mara mbili?"

Sikumjibu. Nikampa simu apime dakika. Chapati ya kwanza ilikaa upande mmoja kiasi cha dakika moja na nusu, na ya kumi na moja vilevile. Kwa hiyo kilichozidi ni idadi ya chapati na muda wa sisi kukaa jikoni, ila moto wa kila chapati ni uleule. Nimeongeza safu ya tatu kwenye karatasi: "visivyobadilika".

Jumamosi ya pili

Leo nusu, na leo ndiyo nimejifunza mimi.

Nilidhani kazi ngumu itakuwa yai. Haikuwa. Tulilipiga kwenye bakuli mpaka ute na kiini vikawa kitu kimoja, tukalipima kwa kijiko cha chakula: vijiko vitatu hivi. Nusu yake kijiko kimoja na nusu, mengine yakaenda kundi la pili. Kulipiga kwanza ni lazima, la sivyo mmoja anachukua ute mtupu na mwingine kiini. Chumvi tuliijaza robo kijiko, tukaifuta juu kwa kisu, tukaimwaga kwenye sahani ya rangi ya bluu, tukaivuta iwe mstari mwembamba na kuukata katikati. Nusu ya robo ni thumuni. Mmoja akabisha kwamba thumuni haiwezi kuwa ndogo, kwani nane ni kubwa kuliko nne. Alipoviona vile vimstari viwili kwenye sahani alinyamaza, ingawa sina hakika kama ameridhika.

Kilichotuangusha ni kikombe. Natumia vile vikombe vya plastiki vinavyouzwa kila duka, chini vyembamba na juu vipana. Watoto walichukua rula, wakaona kimo ni sentimita 9, wakachora mstari kwenye 4 na nusu. Kazi safi kabisa, nami nikawasifu.

Kundi la kwanza walipima unga na maji kwa mstari huo. Rojo lilikuwa zito sawasawa, likapikika vizuri, ila badala ya chapati tatu zikatoka mbili kamili na moja ya kitoto. Kundi la pili walipima unga kwa mstari, lakini maji waliyagawa kwa njia yao: walijaza kikombe kizima, wakagawanya kwenye glasi mbili zinazofanana mpaka zikalingana, wakatumia glasi moja. Rojo lao likawa jepesi, chapati ya kwanza ikachanika walipoigeuza. Makundi yakaanza kulaumiana.

Nikawaambia wapime tena kwa maji matupu. Wakajaza mpaka kwenye mstari mara mbili, wakamimina yote kwenye kikombe cha pili kinachofanana. Hakikujaa. Pale juu pakabaki pengo, tukalijaza kwa kijiko: karibu vijiko vitatu vya chakula. Kimya. Halafu mmoja akageuza kikombe huku na huku, akasema, "Huku chini ni kwembamba."

Ndivyo hasa. Nusu ya kimo si nusu ya ujazo, isipokuwa chombo kiwe na upana mmoja kuanzia chini hadi juu. Kikombe changu kina mdomo wa sentimita 7 na kitako cha 5. Usiku nilikaa na kalamu: kizima kinabeba mililita 257 hivi, na mpaka mstari wa katikati ni 107 tu. Ndiyo maana kundi la kwanza rojo lao halikuharibika, kwa kuwa unga na maji vilipungua kwa kiasi kilekile. Walichopoteza ni wingi. Kundi la pili walipunguza kimoja na kupatia kingine, wakaharibu uwiano. Kwa mwalimu hilo ni la kukumbuka: chapati ikitoka nzuri, bado kipimo kinaweza kuwa kibovu. Hesabu idadi pia.

Jumamosi ya tatu

Leo hatukuwasha jiko mpaka kila mtoto apate nusu yake. Njia ni ileile ya glasi mbili: jaza kikombe, gawanya kwenye glasi zinazofanana, lingana nazo macho, kisha rudisha glasi moja kikombeni na uchore maji yalipoishia. Tulichora kwa rangi nyekundu ya kucha kwa sababu kalamu inafutika. Mistari yote iliangukia sentimita 5 na kidogo. Kwa hesabu yangu ni 5.2, kwa hiyo watoto wamepatia bila hesabu.

Unga bado unanisumbua. Ukichota kwa kikombe na kukigonga mezani unashindiliwa. Mwenye duka alitupimia kwenye mizani: wa kushindilia ulizidi ule wa kutia kwa kijiko kwa gramu 30 hivi. Sasa tunatia kwa kijiko, tunafuta kwa kisu, hatugongi.

Bibi wa nyumba ya nyuma alipita akatuona. Akasema wao utotoni hawakuwa na sehemu za daftarini: vibaba viwili kisaga, visaga viwili pishi, basi. Nikaandika ukutani, pishi juu na kibaba chini, watoto wakaisoma kwa kushuka wakiita "nusu, nusu". Wiki ijayo tunashuka hivyohivyo kwa kikombe hadi robo, chapati moja na nusu kwa kila kundi. Sijaamua ile nusu ya chapati tutaipikaje iwe ya haki.

Jioni yule mdogo alirudi peke yake na kikombe cha kwao, cha bati, kimenyooka kuanzia juu hadi chini. Anataka kichorwe. Nimempa rula.