Imeli niliyowaandikia wenzangu wawili waliokuwa wanavutana juu ya ripoti moja

Hawa wenzangu wawili walikuwa na ripoti moja ya kila mwezi, mmoja anakusanya takwimu na kutengeneza majedwali, mwingine anaandika maelezo na kuituma juu. Mwezi ule, yule wa takwimu akaona namba zake zimebadilishwa kwenye faili bila yeye kuambiwa, na mwandishi naye akasema takwimu zilimfikia jioni ya dedilaini na zina makosa, sasa angefanyaje. Wakaanza kujibizana kwa imeli, kila jibu refu kuliko lililopita, mpaka wakawa hawasalimiani. Mi ndo nilikuwa naratibu ile kazi, na ripoti inayofuata ilikuwa inakaribia.

Kitu cha kwanza nilichofanya, sikujibu kwenye ule uzi wao. Ukijibu mle, maneno yao makali yote yanakaa chini ya imeli yako na anayesoma anashuka kwanza kuyatafuta. Nikafungua imeli mpya kabisa, wote wawili nikawaweka kwenye To, majina kwa alfabeti, na Cc nikaiacha tupu. Hiyo ya Cc naisisitiza kweli, maana ukimweka bosi pale kila mmoja anaanza kuandika kwa ajili ya bosi, anajitetea, na hapo hupati tena mazungumzo. Na sikumtafuta mmoja pembeni kwanza kumpa taarifa, kwa sababu mwingine akijua tu basi ushahesabiwa upande.

Kwenye mada nikaandika jina la ripoti na neno kikao, basi. Ukiandika "mgogoro" au "kutoelewana" umeshawaambia wako vitani kabla hawajafungua.

Imeli yenyewe ilikuwa hivi:

"Habari zenu. Naomba tukutane Jumanne saa nne asubuhi kwa dakika 40, chumba kidogo cha mikutano, kuhusu ripoti ya mwezi. Ripoti iliyopita ilikuwa na namba tofauti kwenye jedwali na kwenye maelezo, na inayofuata inatakiwa tarehe 5. Ningependa tutoke na majibu ya maswali matatu: takwimu zinafungwa siku gani, nani anaweza kubadilisha namba baada ya hapo na anamjulisha nani, na nani anaisoma mara ya mwisho kabla haijatumwa. Kila mmoja atapata dakika 5 za mwanzo kueleza kazi inavyokwenda upande wake, bila kukatizwa. Kama muda huo haufai, Jumatano saa nane mchana pia nipo. Naomba jibu kabla ya Ijumaa jioni. Asanteni."

Angalia ile sentensi ya ripoti iliyopita. Haisemi nani kabadilisha wala nani kachelewesha, inasema tu kitu ambacho wote wawili wakifungua faili watakiona kwa macho yao. Kabla ya kutuma niliisoma mara mbili, mara moja kama vile mimi ndo wa takwimu, mara ya pili kama mwandishi, nikitafuta neno linalochoma. Nikatoa "tena", nikatoa "kwa bahati mbaya", na nikatoa "naelewa mmechoka", maana hiyo ya mwisho inasikika kama huruma lakini mtu anaweza kuisoma kama unamwambia hajiwezi.

Na muda lazima uwe muda kweli, siku, saa, mahali, na wa pili wa akiba. Ukiandika "mkipata nafasi tuongee" kati ya watu walionuniana, kila mmoja atamsubiri mwenzake ndo aanze, na hakuna atakayeanza.

Mwandishi alikubali haraka. Wa takwimu akabonyeza Reply all akaandika aya nzima ya nani alifanya nini, sasa hapo ndo pagumu, ukinyamaza unaonekana umekubali na ukibishana umeingia vitani. Nilijibu wote wawili kwa mstari mmoja: "Asante, hilo linaingia kwenye swali la pili, tutaanza nalo Jumanne." Akanyamaza, akaja.

Kikaoni tulikubaliana takwimu zifungwe siku tatu kabla ya kutuma, na baada ya hapo namba ikionekana mbovu mwandishi anaacha alama pembeni, anayebadilisha ni wa takwimu mwenyewe. Mchana ule ule nikawatumia hayo kwa maandishi, pamoja na tarehe ya kuangalia kama inafanya kazi.

Ila njia hii ni ya mvutano wa kazi tu. Kungekuwa na matusi au mmoja anamtisha mwenzake nisingewakalisha pamoja hata kidogo, hilo ningelipeleka kwa uongozi, kila mmoja asikilizwe peke yake.