Kaseti za Bibi: Jinsi Nilivyozihamishia Kwenye Kompyuta na Kuzilinda

Ninajivunia kusema kwamba kaseti zote za familia yetu, ambamo bibi mzaa baba anasimulia habari za ukoo, sasa zimehifadhiwa kwa namna ninayoiamini. Ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa kwamba kanda zimechakaa, kwa hiyo nizisafishe kelele, nizigeuze kuwa MP3 na nizitume kwenye kundi la familia. Ushauri huo bado unaniudhi, kwa sababu kila hatua yake hupoteza kitu kisichorudi. Fundi mmoja alikuwa ameshatufanyia kazi ya namna hiyo: alituletea faili zenye majina kama `Track01.mp3`, na sauti ya bibi ilisikika kana kwamba anazungumza ndani ya blanketi.

Kanda hazikuwa zimechakaa. Deki inaposoma kaseti, mwanya mwembamba ulio kwenye kichwa chake hupaswa kusimama kwa pembe ileile iliyotumiwa wakati wa kurekodi, ambayo kwa kawaida ni wima kabisa dhidi ya mwendo wa kanda. Kinasa sauti kilichotumika zamani kikiwa na kichwa kilichopinda kidogo, deki nzuri ya leo itasoma sauti nzito vizuri na kupoteza zile nyembamba, na herufi kama “s” na “f” zitakuwa za kwanza kutoweka. Pembeni mwa kichwa kuna skrubu ndogo inayorekebisha pembe hiyo. Niliweka alama ya wino mahali skrubu ilipokuwa, nikachukua bisibisi isiyo na sumaku, nikaunganisha njia ya kushoto na ya kulia ziwe sauti moja, kisha nikazungusha polepole sana huku kanda ikicheza. Kuunganisha njia hizo ndiko kunakorahisisha kazi, kwa kuwa pembe ikikosewa njia mbili hupishana na sauti nyembamba hufutana, na ikipatikana sauti hufunguka ghafla. Ilipofunguka, nilisikia pumzi za bibi kati ya sentensi na jina la mkwe mmoja ambalo sote tulikuwa tumelisikia vibaya kwa miaka mingi. Upande wa pili wa kaseti unaweza kuhitaji pembe tofauti, kwa hiyo usiamini kwamba umemaliza kwa kuzungusha mara moja.

Nilirekodi kwa WAV, biti 24 na kilohezi 48, njia zote mbili, hata kama kinasa cha awali kilikuwa cha njia moja, kwa sababu mara nyingine upande mmoja wa kanda umeumia na mwingine ni mzima. Saa moja hujaza takriban gigabaiti moja. Baadaye nilizigeuza kuwa FLAC, ambayo hupunguza ukubwa, mara nyingi hadi karibu nusu, bila kutupa chochote. Muundo wake uko wazi kwa yeyote, na mwaka 2024 ulichapishwa rasmi kama waraka wa viwango vya intaneti, RFC 9639. Kelele sikuzigusa. Anayetaka nakala nyepesi ya kusikiliza kwenye simu hutengenezewa MP3 kutoka kwenye FLAC, na MP3 hiyo haihesabiwi kuwa hifadhi.

Majina ya faili huanza na mwaka ili yajipange yenyewe, na sehemu ya tarehe isiyojulikana huandikwa xx badala ya kubahatishwa:

```
1987-08-xx_bibi-mzaa-baba_ukoo_kaseti04_upandeA.flac
```

Namba ya kaseti nimeiandika pia kwenye kaseti yenyewe, ambayo sikuitupa. Vijiti viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwake nimevivunja ili asitokee mtu wa kurekodi juu yake.

Nakala ziko tatu: diski ya nje kwangu, diski nyingine kwa dada anayeishi mbali, na hifadhi ya mtandaoni. Folda inayojilinganisha yenyewe kati ya simu na kompyuta siihesabu kuwa nakala, maana ukifuta faili upande mmoja hufutika na upande wa pili. Kabla ya kunakili nilitengeneza orodha ya alama za utambulisho wa kila faili, na orodha hiyo husafiri pamoja na faili:

```
sha256sum *.flac > orodha.sha256
sha256sum -c orodha.sha256
```

Amri ya pili, inayolinganisha faili na orodha hiyo, hurudiwa kila mwaka kwenye kila diski. Katika ukaguzi mmoja, diski yangu iliandika `FAILED` kwa faili moja ambayo mwanzo wake ulisikika vizuri kabisa. Uharibifu ulikuwa katikati, na kwa kusikiliza tu nisingeugundua. Niliichukua nakala nzima kutoka kwa dada, nikaikagua hadi ikaandika `OK`, kisha nikanunua diski mpya na kuiacha ile ya zamani kwa kazi zisizo na thamani.