Viti Vipya na Ukimya wa Chumba cha Walimu

Nilipoanza kazi ya naibu mwalimu mkuu katika shule ya upili ya kutwa nje kidogo ya mji wa Kisumu, chumba cha walimu kilikuwa na walimu 16 na viti 11. Aliyechelewa alisahihishia madaftari dirishani, amesimama. Chai ilikuwa ya kubahatisha, na choo cha walimu hakikuwa na komeo.

Nilipigania hayo muhula mzima. Viti vikaja, chai na mandazi zikawa mezani kila saa nne, choo kikatiwa komeo. Malalamiko yakakatika. Nikasubiri kazi nayo ibadilike, isibadilike. Saa tisa na nusu chumba kilikuwa kitupu, na madaftari ya kidato cha pili yalirudi yakiwa na alama za vema tu, bila hata neno moja la kumwelekeza mtoto. Niliumia sana.

Wakati huo nilikuwa nikisomea stashahada ya usimamizi wa elimu, na somo likatufikisha kwa mwanasaikolojia Mmarekani, Frederick Herzberg. Mwaka 1959, yeye na wenzake wawili walichapisha matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh. Waliwaomba wasimulie wakati walipoifurahia mno kazi yao, na wakati walipoichukia. Waliochukia walitaja sera, wasimamizi, mshahara na mazingira ya kazi. Waliofurahia walitaja mambo mengine kabisa: kufanikisha jambo, kutambuliwa, kazi yenyewe, kukabidhiwa dhamana. Lile kundi la kwanza Herzberg aliliita mambo ya usafi, kwa maana ya usafi wa afya. Maji safi humkinga mtu na kipindupindu, lakini hayamwongezei nguvu za kulima. Kwa hiyo mtu akiondolewa kero haridhiki. Anaacha tu kulalamika. Hapo nikauelewa ule ukimya.

Nikauliza maswali yaleyale mawili, mwalimu mmoja mmoja, chini ya mwembe. Niliandika kwenye daftari, kero ukurasa wa kushoto, furaha wa kulia. Kushoto kulijaa ratiba iliyobadilishwa bila taarifa na mwalimu kukemewa mbele ya wanafunzi. Kulia, mwalimu wa kemia aliniambia, "Madamu, ni siku ile wasichana wangu walipofunga bomba la bureti, ule mrija wa kupimia kimiminika, kwa tone moja, rangi ikageuka, wakapata kipimo kilekile mara tatu mfululizo." Hakuna hata mmoja aliyenitajia kiti wala mandazi upande huo.

Nilikosea hatua iliyofuata. Niliwagawia watu majukumu: huyu chama cha mazingira, yule zamu ya ziada ya lango. Nyuso zilikunjamana, nao walikuwa na haki. Herzberg alilionya hilo katika makala yake ya mwaka 1968: kumwongezea mtu kazi za kiwango kilekile ni kumwongezea mzigo. Kinachotakiwa ni kupunguza udhibiti juu yake huku akibaki kuwajibika kwa matokeo.

Basi nikatafuta udhibiti wangu mwenyewe. Kila karatasi ya mtihani ilipitia mezani kwangu kwa mhuri kabla ya kuchapishwa, hata ya kemia, somo nisilolifundisha. Niliuondoa mhuri huo kwa idara ya sayansi. Mwalimu wa kemia alitunga, mwenzake akapitia, yeye akatia sahihi, na siku ya wazazi alieleza matokeo mwenyewe badala yangu. Mtihani wa kwanza ulikuwa na swali lenye kosa. Nilitamani kuurudisha mhuri siku hiyohiyo, lakini nilijizuia. Alisimama darasani akalisahihisha. Muhula uliofuata, madaftari yake yalikuwa na maelezo: "Umesoma bureti ukiwa umeinama. Macho yawe usawa wa kimiminika."

Nilitegemea madaftari hayo kuliko masimulizi, kwa sababu mtu akihojiwa hupenda kujipa sifa ya mazuri na kuyalaumu mazingira kwa mabaya. Wakosoaji wa Herzberg walishalisema hilo.

Kwa mwalimu mmoja njia hii haikufua dafu. Alikuwa ameajiriwa na BOM, yaani bodi ya shule, si TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu, na malipo yake yalikuwa yamechelewa miezi miwili. Nilipomkabidhi kuandaa tamasha la Kiswahili alinitazama akasema kwa upole, "Madamu, nauli ya kesho sina." Nikafunga faili la tamasha. Tulikwenda pamoja kwa mwalimu mkuu, tukatoka na tarehe ya malipo iliyoandikwa. Alipolipwa, wiki moja baadaye, alikuja mwenyewe kuniuliza lile faili liko wapi.