Siku moja ya kufukuzana na "kwa"

Saa 2 asubuhi. Mezani kuna insha 12 za wanafunzi wa Kiswahili: watano lugha yao ya kwanza ni Kiingereza, wanne Kifaransa, watatu Kiganda. Pembeni mwa kila insha naandika lugha ya mwandishi. Bila alama hiyo kusahihisha ni kumwaga wino mwekundu tu.

Saa 3. "Nilinunua kitabu kwa mama." Sarufi haina doa, na ubaya wake ndio huo: Mswahili ataelewa kwamba mama ndiye aliyekiuza. Mwandishi alitaka kusema "nilimnunulia mama kitabu". Katika lugha yake, anayenunuliwa kitu hutajwa kwa neno dogo linalosimama peke yake. Kwetu kitenzi hubeba mzigo wote: -nunua inakuwa -nunulia, na -m- inamwelekea mama.

Saa 4. Sasa jedwali. Sihesabu makosa peke yake, nahesabu pia kila mahali palipohitaji kauli ya kutendea, yaani umbo kama -nunulia, maana asiyekosea huenda alikwepa. Wa Kiganda wamepita salama, kwa sababu wana okugula na okugulira, mantiki ileile. Wa Kiingereza na wa Kifaransa wameteleza wote.

Je, chanzo ni kimoja? Jibu liko mistari michache chini: "Nilisubiri kwa basi", "Natafuta kwa funguo." Hizi zimeandikwa na wa Kiingereza tu. Kifaransa husubiri na kutafuta kitu moja kwa moja, kama sisi, kwa hiyo hapo wenzao hawana cha kuhamisha. Dawa ya kundi moja haitoshi kwa jingine.

Na "rafiki wangu"? Imo katika makundi yote matatu. Hiyo siihesabu kama athari ya lugha mama: wamejifunza kanuni ya viumbe hai, wakaitumia hata pale Kiswahili kinaposema "rafiki yangu".

Saa 6. Narudisha insha bila alama yoyote, kila mtu atafute makosa yake. Anayeliona na kulirekebisha aliteleza kalamu tu. Anayesoma "kwa mama" mara tatu asishtuke, huyo ndiye wa kufundishwa.

Saa 8. Darasani natumia jozi: "nilinunua kitabu kwa mama" na "nilimnunulia mama kitabu". Nauliza swali moja tu: pesa zimeingia mfuko wa nani? Kisha -pika/-pikia, -leta/-letea. Wa Kiingereza nawaongezea -subiri, -tafuta na -omba, zote bila "kwa".

Saa 10. Sentensi mpya tano kwa kila mmoja. Kosa limebadilisha sura: "Nilimnunulia kitabu kwa mama." Kitenzi kimekaa sawa, lakini "kwa" haijaondoka. Mwingine amevuka mpaka: "Nilimsubiria basi." Basi limepewa -m- ya mtu. Jedwali linapata safu mbili mpya, za kupimwa tena wiki ijayo.